VLOOKUP ikileta bei ya bidhaa nyingine

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo lenye orodha ya bei kwenye Excel. Majina yako safu ya A, bei kwa shilingi ziko safu ya B, kuanzia mstari wa 2. Bei hizi ni za mfano tu:

```
Saruji     16500
Misumari    4500
Bati       28000
Rangi      45000
Nondo      24000
```

Karani anaandika jina la bidhaa kwenye seli ya D2, na bei inatafutwa hivi:

```
=VLOOKUP(D2,$A$2:$B$6,2,FALSE)
```

D2 ndicho kinachotafutwa. Kinachofuata ni eneo la orodha. Alama za dola zinalizuia lisihame unapoinakili fomula kwenda mistari ya chini. Namba 2 inasema bei isomwe safu ya pili ya eneo hilo. FALSE, ambayo wengine huiandika 0, inadai jina lifanane kabisa, ingawa herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa.

Sasa ondoa FALSE. Excel haikukatalii, inachukulia kwamba umeweka TRUE. Andika Misumari, na badala ya 4500 utaletewa 28000, bei ya bati. Andika Saruji, upate 24000 ya nondo.

Sababu ni kwamba kwa TRUE, Excel haisomi orodha kutoka juu kwenda chini. Inaanzia katikati, kwenye Bati. Kwa kuwa M huja baada ya B, inaamini Misumari iko chini zaidi, na nusu ya juu haiiangalii tena. Huko chini kuna Rangi na Nondo, zote zinakuja baada ya Misumari kialfabeti, hivyo inarudi kwenye jina la mwisho lililotangulia: Bati. Utaratibu huu unafaa orodha iliyopangwa A hadi Z, na orodha za maduka mara nyingi hazijapangwa hivyo. Hata ukiipanga hujapona: ukitafuta Gundi, ambayo haimo, bado utapewa bei ya bati bila onyo lolote.

Kwa FALSE, Gundi italeta #N/A. Wengi huichukia alama hiyo, lakini ni afadhali mara mia kuliko ankara yenye bei ya uongo.

Ikitokea #N/A na jina unaliona kwenye orodha, shuku nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno. Pima kwa =LEN(A3): Misumari ina herufi 8, ukipata 9 kuna nafasi ya ziada. Pima D2 pia. =TRIM(A3) kwenye safu ya pembeni itatoa jina safi; linakili, kisha libandike kama thamani juu ya lile la zamani.

TRUE ina kazi yake kwenye viwango vya punguzo. Ukipanga idadi 0, 20 na 50 kutoka ndogo kwenda kubwa, mteja wa mifuko 37 ya saruji ataangukia kiwango cha 20. Hapo FALSE ingeleta #N/A, maana 37 haimo.