Kwa nini mazungumzo ya zamani yapo kwenye simu lakini hayaonekani kwenye kompyuta iliyounganishwa

Unafungua WhatsApp kwenye kompyuta kutafuta ujumbe ambao una uhakika ulitumwa. Kundi lipo, majina yapo, jumbe za wiki iliyopita zipo. Ukipandisha juu zaidi, mazungumzo yanakatika. Simu, kwa upande wake, inaonyesha yote tangu kundi lilipoanzishwa. Hapo wengi hudhani jumbe zimefutika, au kwamba mtandao wa kompyuta ni mbovu. Mara nyingi hakuna kilichofutika na mtandao hauna tatizo. Kompyuta inaonyesha kila ilichonacho. Hicho kingine haijawahi kukipokea.

Ili hili lieleweke, inabidi kujua jumbe zinakaa wapi. Katika WhatsApp hakuna ghala kuu kwenye seva ambalo simu na kompyuta zote husoma humo. Ujumbe hufungwa kwa usimbaji fiche kwenye kifaa cha mtumaji, hupita kwenye seva ukiwa umefungwa hivyo hivyo, na ukishafika kwa mpokeaji seva huufuta. Kuanzia hapo, historia ya mazungumzo ni faili lililomo ndani ya kifaa chako. Simu ina faili lake. Kompyuta nayo ina faili lake, na la kompyuta limeanza kuandikwa siku ulipoiunganisha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. WhatsApp Web ilipotoka mwaka 2015, kompyuta ilikuwa kama kioo cha simu: kila ulichokiona kilichukuliwa kutoka kwenye simu wakati huo huo. Simu ikizimika au ikikosa mtandao, kompyuta nayo ilikwama. Faida yake ni kwamba ungeweza kupandisha juu hadi mwanzo wa mazungumzo, maana ulikuwa unasoma faili la simu lenyewe. Mwaka 2021 mfumo ulianza kubadilishwa. Sasa simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4, na kila kimoja kina ufunguo wake. Mtu akikuandikia, simu yake hufunga nakala ya ujumbe kwa ajili ya kila kifaa chako, moja moja. Ndiyo maana kompyuta inapokea jumbe hata simu ikiwa imezimwa. Ndiyo maana pia haiwezi kusoma ujumbe wa miaka mitatu iliyopita: ulipotumwa, ufunguo wa kompyuta hii haukuwepo, kwa hiyo hakuna nakala iliyofungwa kwa ajili yake.

Sasa zile jumbe za kabla ya kuunganisha zinazoonekana kwenye kompyuta zilitoka wapi? Zilitoka kwenye simu. Mara tu unapoelekeza kamera kwenye msimbo wa QR, simu hukusanya sehemu ya historia ya karibuni, huifunga kwa ufunguo ambao seva haina, na kuipeleka kwenye kompyuta kama kifurushi. Kompyuta hukifungua na kukihifadhi kwake. Kifurushi hicho hakibebi kila kitu, na hapo ndipo mpaka unapotokea.

Tuchukue mfano. Kundi la kazi lilianzishwa mwaka 2021, na kompyuta imeunganishwa tarehe 10 Machi mwaka huu. Jumbe zote za baada ya tarehe hiyo zitafika kwenye kompyuta zenyewe, moja kwa moja. Za miezi ya karibu kabla ya hapo zitakuwemo kwenye kifurushi. Mkataba uliotumwa mwaka 2022 haumo. Ukiandika neno «mkataba» kwenye kisanduku cha kutafutia cha kompyuta, utaambiwa hakuna kilichopatikana, kwa sababu utafutaji hupekua faili la kompyuta peke yake. Jibu hilo ni la kweli kwa kompyuta, lakini halisemi lolote kuhusu simu. Hili hupotosha watu kuliko jambo jingine lolote katika mada hii, kwa kuwa kisanduku hakikukumbushi kwamba kimetafuta sehemu tu.

Kabla ya kujaribu kurekebisha, angalia sura ya upungufu wenyewe, kwa kuwa ndiyo inayokuonyesha chanzo.

Ikiwa mazungumzo yamekamilika hadi tarehe fulani kisha yanakatika, huo ni mpaka wa kifurushi. Pandisha hadi juu kabisa. Mara nyingi utakuta taarifa inayokuambia utumie simu kuona jumbe za zamani, au inayokupa nafasi ya kubofya ili kuziomba kutoka kwenye simu. Ikiwa nafasi hiyo ipo, washa simu, hakikisha ina mtandao, fungua WhatsApp na uiache wazi kwenye skrini, kisha bofya na usubiri. Simu ndiyo itakayozikusanya na kuzituma. Ikiwa programu imefungwa, au simu imewekwa kwenye hali ya kuokoa betri, kazi hiyo husimama katikati na kompyuta hubaki inangoja.

Ikiwa kompyuta imeunganishwa muda mfupi uliopita na hata jumbe za wiki jana hazijatimia, kifurushi bado kinasafiri. Simu yenye makundi mengi huchukua muda. Iache wazi, ikiwezekana kwenye Wi-Fi na chaja. Ukiiweka mfukoni dakika moja baada ya kuunganisha, unaweza kuishia na historia nusu nusu, mazungumzo mengine yamejaa na mengine ni matupu.

Ikiwa katikati ya mazungumzo kuna ujumbe mmoja mmoja unaosomeka `Waiting for this message`, hilo ni jambo tofauti kabisa. Ujumbe umefika, lakini kompyuta imeshindwa kuufungua kwa ufunguo ilionao, na imeomba kifaa cha mtumaji kiutume upya. Utabaki hivyo hadi kifaa hicho kiwe mtandaoni. Huna la kufanya upande wako zaidi ya kuusoma kwenye simu, au kumwomba mtumaji afungue WhatsApp.

Picha na video nazo zina tabia yake. Unaweza kuona kivuli cha picha kwenye kompyuta lakini ukibofya haifunguki. Hiyo ni kwa sababu faili la picha husafiri tofauti na maandishi: linawekwa kwenye seva likiwa limefungwa, kwa muda tu, na ujumbe hubeba ufunguo wake. Muda huo ukipita, kompyuta hulazimika kuiomba simu ilipandishe tena kwenye seva. Ikiwa picha ilishafutwa kwenye simu ili kupata nafasi, hakuna tena pa kuitoa, isipokuwa mtumaji airudie.

Na ikiwa kila mara ukifungua kompyuta unakuta mazungumzo yameanza upya, usiangalie simu, angalia kivinjari. WhatsApp ya kwenye kivinjari huweka faili lake ndani ya hifadhi ya kivinjari hicho. Dirisha la faragha hufuta hifadhi hiyo linapofungwa. Kusafisha vidakuzi na data za tovuti huifuta pia, na zipo programu za usafi wa kompyuta zinazofanya hivyo bila kukuuliza. Kwa mtu anayetegemea historia, programu ya WhatsApp iliyosakinishwa kwenye kompyuta ni salama zaidi kuliko kivinjari.

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni «ondoa kompyuta, kisha iunganishe upya». Usianze nao. Kuiondoa hufuta faili lote la kompyuta, na ukiunganisha tena unapata kifurushi kipya kilichokatwa kuanzia siku hiyo. Kompyuta iliyokuwa imeunganishwa kwa muda mrefu imejikusanyia jumbe zake yenyewe siku baada ya siku, hivyo huenda ilikuwa na historia ndefu kuliko kifurushi kitakachokuja. Unaweza kurudi nyuma badala ya kusonga mbele. Jambo hilo hilo hutokea bila wewe kugusa kitu usipotumia simu kwa zaidi ya siku 14: vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa, na ukivirudisha vinaanza na kifurushi kipya.

Nakala ya akiba nayo haisaidii kompyuta. Ile inayowekwa kwenye Google Drive au iCloud hurejeshwa kwenye simu tu. Kompyuta haiwezi kuisoma. Na njia ya kinyume haipo pia: kompyuta hairudishi historia yake kwenye simu. Kwa hiyo simu ikipotea bila nakala ya akiba, na jumbe bado zinaonekana kwenye kompyuta, toa kwanza kila unachokihitaji: pakua mafaili, nakili maandishi muhimu. Ukishasajili namba yako kwenye simu mpya, kompyuta itatolewa na faili lake litafutika.

Kama unachohitaji ni ujumbe mmoja au hati moja ya zamani kwenye kompyuta, njia fupi ni kuutafuta kwenye simu kisha kuutuma mbele kwenye gumzo lako mwenyewe. Unapoutuma upya, ni ujumbe mpya. Simu huufunga kwa ajili ya vifaa vyako vyote, na utaonekana kwenye kompyuta papo hapo. Kwa mazungumzo marefu, fungua gumzo kwenye simu, ingia kwenye menyu yake na uchague `Export chat`, kisha ujitumie faili hilo kwa barua pepe. Ni faili la maandishi la kawaida ambalo kompyuta yoyote hulifungua na kulipekua. Lina kikomo: jumbe 40,000 za mwisho bila picha, au 10,000 ukijumuisha picha. Na kama kundi limewasha faragha ya ziada ya gumzo, kutoa faili hilo kumezuiwa.

Si kila programu hufanya hivi. Telegram huweka mazungumzo ya kawaida kwenye seva zake, kwa hiyo kompyuta mpya huona yote tangu mwanzo. Yasiyoonekana ni yale ya siri, ambayo hubaki kwenye kifaa yalipoanzishiwa. Signal iko upande wa WhatsApp. Kwa miaka mingi kompyuta iliyounganishwa na Signal ilianza tupu kabisa, bila ujumbe hata mmoja wa nyuma. Tangu mwaka 2025 simu huuliza wakati wa kuunganisha kama ungependa kuhamisha historia, na ukikubali hutuma jumbe zote za maandishi, lakini picha na mafaili ni ya siku 45 zilizopita tu. Swali hilo huja wakati wa kuunganisha tu, kwa hiyo lisome kabla ya kulipita.

Ukitaka kujua kompyuta yako ilitumika mara ya mwisho lini, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp ya simu, sehemu ya `Linked devices`, na ubofye jina lake. Ukikuta humo kifaa usichokitambua, hicho kitoe mara moja: kina historia yake ya mazungumzo yako, na kinaendelea kupokea jumbe mpya hata simu yako ikiwa imezimwa.