Kabla hujaaplodi picha yenye sura za wenzako, waulize

Mimi kazi yangu ni faragha ya data, na juzi dada yangu kanitumia picha ya zamani ya ukoo, watu watano, imefifia, anataka niiaplodi kwenye modeli ya akili mnemba mtandaoni iisafishe. Yeye yumo na ameridhia, sawa, ila wale wanne je?

Ukiposti picha mtandaoni mwenzako ataiona, akichukia anakupigia unaifuta. Kwenye modeli haoni kitu, akaunti ni yako na yeye hajui hata kama sura yake imepita huko. Halafu huduma nyingi, hasa za bure, zinafundishia modeli kwa vitu unavyoweka mpaka uende kwenye setingi uzime, na ukifuta chati inatoka kwenye historia yako, lakini kama picha ilishatumika kufundishia basi hakuna kitufe cha kuichomoa. Ndo maana ruhusa inaombwa kabla.

Nikazima hiyo setingi kwanza, kisha nikamwandikia kila mmoja inbox. Kwenye grupu siulizi, maana huko mtu akikaa kimya wengine wanahesabu kakubali, na nani anataka kuonekana yeye ndo mkorofi? Meseji niliambatanisha na picha yenyewe: "Shikamoo shangazi, nataka kuipeleka picha hii kwenye huduma fulani isafishwe, nikishapata nitaiprinti tu, siiposti. Wewe umo, unaridhia? Ukikataa nakutoa." Mjomba alishafariki kwa hiyo nikamuuliza binti yake. Binamu wawili wakakubali, binti wa mjomba akakubali, shangazi akasema hapana. Sikumuuliza sababu.

Bahati nzuri alisimama pembeni kabisa, nikamkata. Angekuwa katikati ningemfunika uso kwa rangi moja nzito, siyo ule ukungu mwepesi maana hapo sura bado inatambulika. Ukishakata, isevu kama nakala mpya, kwa sababu galari nyingine zinatunza picha nzima nyuma ya ile uliyokata, mimi huwa napiga skrinishoti ya iliyokatwa ndo naaplodi hiyo.

Skrinishoti ikanisaidia na kwa jambo jingine. Picha ni ya zamani lakini dada aliipiga upya kwa simu akiwa kwake, akanitumia kama dokumenti, nilipofungua maelezo ya faili nikakuta lokesheni ya nyumba yake imo humo na saa aliyopiga. Skrinishoti haibebi hiyo lokesheni.

Picha ikatoka safi. Majuzi binamu mmoja kaja na wazo la kuifanya video, mjomba aonekane anaongea, lakini ruhusa niliyopewa ilikuwa ya kusafisha na kuprinti tu, nikaanza kuuliza upya. Binti wa mjomba safari hii akakataa, akasema hataki kusikia baba yake anasema maneno ambayo hakuyasema, na hiyo video hatujaifanya.