Mvuke unaochepushwa kwenye turbini si hasara

“Mvuke ukitolewa katikati ya turbini kupasha maji ya boila, si umeme unapotea?”

Umeme hupungua kweli, lakini mafuta hupungua zaidi. Chukua mtambo usio na upotevu wowote: mvuke wa megapaskali 8 na nyuzi 500, kondensa ya kilopaskali 10. Bila kuchepusha, kila kilo hupokea takriban kilojuli 3,198 boilani na kutoa kazi ya 1,261. Ufanisi ni asilimia 39.4.

Sasa chepusha sehemu ya tano ya mvuke kwenye megapaskali 0.8, uchanganywe na maji yanayorudi. Kazi inashuka hadi 1,125, ila maji yanaingia boilani na nyuzi 170 hivi badala ya 46, na joto linalohitajika ni 2,669 tu. Ufanisi: asilimia 42.1. Mvuke uliochepushwa umeshafanya kazi kabla ya kutoka, na joto lake lililobaki halikutupwa kwenye kondensa. Yeyote mwenye jedwali la mvuke anaweza kurudia hesabu hii.

Kurudisha mvuke boilani upashwe upya ni suala jingine. Katika mfano huu, bila hatua hiyo mvuke hufika mwisho wa turbini ukiwa na asilimia 19 ya maji, na matone hayo hula mapanga ya mwisho. Kuupasha upya huukausha. Ufanisi nao huongezeka kidogo, lakini ukipashwa kwenye shinikizo la chini mno, unaweza hata kushuka.