Alilalamikia dola, kosa likawa kwenye yuro: dhana potofu kuhusu taarifa ya akaunti ya sarafu nyingi

Dada mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani alikuja ofisini kwangu hapa Moshi na karatasi nne za stetimenti ya mwezi wa tisa. Akaunti yake ina mifuko mitatu: dola, yuro na shilingi. Wageni humlipa kwa dola au yuro, naye huchenji kiasi anachohitaji ili alipe waongozaji, wapishi na wagumu, na anunue chakula cha safari sokoni Mbuyuni.

"Kaka, benki wamenipunja shilingi 37,200 kwenye dola," akasema kabla hata hajakaa.

Kwenye dola hakupunjwa hata senti. Hasara ilikuwa kwenye mstari mwingine aliokwisha kuuwekea tiki, na ilikuwa kubwa zaidi ya mara kumi. Tarakimu nimezibadilisha ili biashara yake isitambulike, lakini hesabu zenyewe zinakwenda hivyohivyo. Hii ndiyo mistari miwili ya kuchenji, yote ya siku moja. Kwenye stetimenti kila mstari umegawanyika: pesa inayotoka iko ukurasa wa sarafu yake, inayoingia iko ukurasa wa shilingi, na kinachoziunganisha ni namba moja ya kumbukumbu. Hapa nimezileta pamoja.

```
12/09  USD -3,000.00   TZS +7,402,800.00   ada USD 15.00   reti 2,480.00
12/09  EUR -1,200.00   TZS +2,961,120.00   ada EUR 6.00
```

Dhana: Zidisha pesa iliyotoka kwa reti; isipolingana na iliyoingia, umepunjwa

Ndivyo alivyofanya. Dola 3,000 mara 2,480 ni shilingi 7,440,000, na zilizoingia ni 7,402,800. Pengo ni 37,200.

Ukweli ni kwamba kabla ya kuzidisha lazima ujue ada imekatwa wapi. Kwenye akaunti hii ada ni nusu ya asilimia, nayo hukatwa kwenye sarafu inayotoka kabla ya kuchenji. Zinazochenjiwa basi si dola 3,000, ni 2,985. Zidisha 2,985 kwa 2,480, unapata 7,402,800 kamili. Zile 37,200 ni dola 15 za ada zikisomwa kwa shilingi.

Benki nyingine hukata ada baada ya kuchenji, kwenye shilingi, na huiandika kama mstari wake peke yake chini ya ule wa kuchenji. Nyingine haziandiki ada kabisa, zinaiingiza ndani ya reti. Kwa hiyo jaribu njia ya kwanza, kisha ya pili. Moja ikitoa jibu lile lile lililoandikwa, umeshajua utaratibu wa akaunti yako, na mistari yote ya kuchenji inapaswa kuufuata.

Tofauti ya shilingi chache isikusumbue. Reti ikichapwa kwa desimali mbili, huenda imekadiriwa kwa hadi nusu ya senti kwa kila dola. Kwa dola 2,985 hiyo haizidi shilingi 15 hivi. Zaidi ya hapo, ukadiriaji si sababu tena.

Dhana: Salio la mwisho likijumlika, mistari yote ni sahihi

Hii ndiyo iliyomgharimu. Ukurasa wa shilingi ulikuwa safi. Salio la mwanzo 860,000, zikaingia 7,402,800 kutoka dola na 2,961,120 kutoka yuro, zikatoka 9,750,000 za mishahara na manunuzi, zikabaki 1,473,920. Jumlisha mwenyewe, inakaa. Ukurasa wa yuro nao ni hivyo: 1,310 za mwanzo, zikatoka 1,200, zikabaki 110. Akaweka tiki.

Lakini salio linajumlisha kile kilichoandikwa tu. Mtambo ukiandika 2,961,120 mahali palipopaswa kuwa na kiasi kingine, utaijumlisha hiyo hiyo 2,961,120 bila kosa lolote, na salio la mwisho litakuja sawasawa na mistari iliyo juu yake. Kujumlisha kunakuambia kwamba hakuna mstari uliodondoka kati ya salio la mwanzo na la mwisho. Hakukuambii kama sarafu moja imegeuzwa nyingine kwa bei iliyo sawa. Hizo ni kazi mbili, na kila moja inakamata makosa ambayo nyingine haiyaoni.

Mstari wa yuro haukuwa na reti iliyochapwa. Hapo ndipo watu wengi huachia, wakidhani pasipo na reti hakuna cha kukagua. Kumbe unaweza kuitoa mwenyewe: gawanya shilingi zilizoingia kwa sarafu yote iliyotoka. Mimi naiita reti halisi, kwa sababu imekwisha kumeza ada na kila kitu.

Dola: 7,402,800 gawanya kwa 3,000 ni 2,467.60.

Yuro: 2,961,120 gawanya kwa 1,200 ni 2,467.60.

Nilipomwonyesha kikokotoo alinyamaza kidogo. Sarafu mbili tofauti, siku moja, reti moja mpaka senti. Haiwezekani, siku hiyo yuro ilikuwa juu ya dola kwa zaidi ya shilingi mia nne. Yuro zake zilichenjiwa kwa bei ya dola.

Reti ya yuro iliyobandikwa na benki siku hiyo ilikuwa 2,905, na alikuwa ameipiga picha kwa simu kwenye ubao wa kaunta. Toa ada ya yuro 6, zinabaki 1,194. Mara 2,905 ni shilingi 3,468,570. Aliingiziwa 2,961,120. Pengo ni shilingi 507,450. Kwa kampuni ya ukubwa wake, hizo ni pesa zilizopaswa kuwa mikononi mwa wagumu waliobeba mizigo mpaka kambi ya juu.

Tangu siku hiyo hakuna stetimenti ninayoikagua bila kuweka reti halisi pembeni ya kila mstari wa kuchenji kwa penseli. Ndani ya mwezi mmoja reti halisi za sarafu moja hukaa karibukaribu. Moja ikiruka peke yake, au ikifanana na ya sarafu jirani, simama hapo.

Dhana: Reti sahihi ni ile ya Benki Kuu

Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango kila siku, na kwa kila sarafu kuna bei ya kununua, bei ya kuuza na wastani. Hicho ni kipimo cha kulinganishia. Benki yako hupanga bei zake yenyewe, kwa hiyo ukibeba kiwango cha Benki Kuu kwenda kudai kila tofauti, hutasikilizwa.

Kinachofaa ni kuangalia upande. Unapotoa dola upewe shilingi, benki inanunua dola kwako, na hutumia bei ya kununua, ambayo ndiyo ndogo. Unapotoa shilingi upate dola, inakuuzia kwa bei kubwa. Mistari miwili ya siku moja, mmoja ukiwa wa kuuza dola na mwingine wa kununua, isipoonyesha tofauti hiyo, au ikiionyesha kinyume, kuna pande zilizopinduliwa.

Dhana: Jumla iliyo juu kabisa ndiyo pesa niliyonayo

Juu ya ukurasa wake wa kwanza kulikuwa na jumla ya shilingi 8,983,200, na alikuwa amepanga malipo kwa kuitazama hiyo. Shilingi alizokuwa nazo ni 1,473,920 tu. Nyingine ni dola 2,887 zilizozidishwa kwa wastani wa siku ya mwisho wa mwezi, 2,490, na yuro 110 zilizozidishwa kwa 2,915. Ni makadirio ya kukusaidia kuona picha.

Hakuna atakayekupa wastani huo kaunta. Dola 2,887 kwenye jumla zimehesabiwa shilingi 7,188,630. Akizichenji kwa reti halisi ya 2,467.60 atapata kama 7,123,961, pungufu ya karibu 64,700. Na wastani ukipanda shilingi 20 mwezi ujao, jumla itaongezeka 57,740 bila mgeni hata mmoja kulipa. Kwa hiyo salio hukaguliwa sarafu kwa sarafu: mwanzo, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka, linganisha na mwisho. Ile jumla ya juu usiifanyie hesabu yoyote.

Dhana: Sina mfuko wa shilingi ya Kenya, kwa hiyo KES isionekane kwangu

Dereva wake alivuka Namanga kuwachukua wageni Nairobi, akalipa hoteli KES 19,350 kwa kadi ya kampuni. Kadi isipokuta mfuko wa sarafu hiyo huchota kwenye mwingine. Hapa ilichota dola. Kwa reti ya 129 ni dola 150, pamoja na ada ya asilimia mbili, dola 3, jumla 153. Hivyo dola zinakwenda: 1,240 za mwanzo, jumlisha 4,800 za wageni, toa 3,000 na 153, baki 2,887. Inakaa.

Malipo ya kadi mara nyingi hutumia reti ya siku yanapoingizwa kwenye akaunti, si ya siku dereva alipochomeka kadi, kwa hiyo tazama tarehe zote mbili. Na mashine ya hoteli ikimuuliza dereva kama atozwe kwa dola, naye akakubali, kwenye stetimenti hutaona mstari wa kuchenji kabisa. Kuchenji kumefanywa na mashine, kwa bei yake, na risiti ya karatasi ndiyo pekee inayoionyesha.

Dhana: Benki ikikubali kosa, kazi imekwisha

Tuliandika barua fupi yenye namba ya kumbukumbu, kiasi kilichotoka, kiasi kilichoingia, reti iliyobandikwa na pengo la 507,450. Walikubali. Ila pendekezo lao la kwanza lilikuwa kuzirudisha shilingi kwenye yuro kisha kuchenji upya kwa reti ya siku hiyo. Tulikataa. Kurudi kwenye yuro kwa kuchenji kunamaanisha kununua yuro kwa bei ya kuuza, kisha kuziuza tena kwa bei ya kununua, na kukatwa ada mara mbili zaidi, kwa kosa lisilo lake.

Marekebisho yanayofaa yako ya aina mbili. Ama mstari wa awali ufutwe pande zote mbili kwa viasi vilevile, pamoja na zile yuro 6 za ada, uandikwe upya kwa reti ya tarehe 12; ama pengo liongezwe moja kwa moja kwenye shilingi. Walichagua la pili. Stetimenti ya mwezi wa kumi ilipotoka tulitafuta mambo matatu: shilingi 507,450 zimeingia kwa mstari mmoja, mstari huo unataja namba ya kumbukumbu ya tarehe 12, na mfuko wa yuro umeanza mwezi na 110 zilezile.