Je, wajua kwa nini benki ya London haitosheki na CR12?

"Kampuni yetu ni ya familia, ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, nami ndiye mkurugenzi. Tumeomba kufungua akaunti ya pauni London, tumepeleka cheti cha usajili na CR12, na bado wanatuuliza wamiliki halisi ni nani na kila mmoja ana asilimia ngapi. Kwani si yote yameandikwa mle?"

Mle yameandikwa majina ya waliosajiliwa tu, na benki inamtafuta mtu aliye nyuma ya majina hayo. CR12 ni hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa kama walivyo katika daftari. Mwenye hisa wa daftarini huweza kuwa kampuni nyingine, au mtu anayemshikia hisa ndugu yake aliyeko Maskati, au hata marehemu. Kanuni za Uingereza za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinailazimisha benki iyavuke majina yote ya katikati mpaka imfikie binadamu ambaye mwishowe anamiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa au ya kura, au ambaye kwa njia nyingine yoyote ndiye anayeitawala kampuni. Jina la kampuni, hata iwe imesajiliwa kihalali na kodi inalipa, haliwezi kuwa jibu la mwisho la swali hilo.

Benki ya hapa mjini nayo inabanwa na sheria kama hiyo, ila ofisa wake pengine anaijua familia yenu na anajua duka la babu lilikuwa mtaa gani. Ofisa wa London ana karatasi tu mbele yake. Tena mwezi wa Februari 2024, FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, kiliiweka Kenya katika ile inayoitwa orodha ya kijivu, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi, na tangu hapo maombi ya kampuni za Kenya katika benki za Ulaya yamezidi kuulizwa maswali. Kwa hiyo wingi wa maswali si dalili ya kwamba kampuni yenu imeshukiwa.

Njia rahisi ya kulielewa swali lenyewe ni kulipigia hesabu. Tuseme kampuni ya forodha ina hisa 1,000. Mkurugenzi ameandikiwa hisa 200, marehemu baba yake bado ameandikiwa 200, na hisa 600 zilizobaki ni za kampuni ya pili ya familia, ile yenye majumba ya kupangisha. Katika kampuni hiyo ya majumba, dada wa mkurugenzi ana asilimia 50, mdogo wao wa kiume ana 30, na mkurugenzi mwenyewe ana 20. Msomaji wa CR12 ya kampuni ya forodha ataona majina matatu: mkurugenzi, marehemu na kampuni ya majumba. Dada hamo kabisa.

Benki nyingi huzidisha asilimia kwa kufuata mnyororo. Kampuni ya majumba ina asilimia 60 ya kampuni ya forodha, na dada ana nusu ya hiyo kampuni ya majumba. Nusu ya 60 ni 30, basi dada ni mmiliki halisi kwa asilimia 30 ingawa hajawahi kutia saini waraka wowote wa forodha. Mkurugenzi ana 20 zake za moja kwa moja, na juu yake sehemu yake ya kampuni ya majumba, ambayo ni moja ya tano ya 60, yaani 12. Jumla yake ni 32. Mdogo wao ana 30 kwa mia ya 60, yaani 18, kwa hiyo hafiki kiwango cha London. Fomu iliyojazwa kwa kuinakili CR12 ingesema mkurugenzi ana asilimia 20 na kwamba hakuna binadamu mwingine aliye hai, na makosa yote mawili yangeonekana mara tu benki itakapoomba CR12 ya kampuni ya majumba, jambo ambalo hakika italiomba.

Hapo ndipo kanuni za Kenya zinapoingia, na ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa kanuni zetu za mwaka 2020 kuhusu wamiliki halisi, kiwango ni asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, iwe moja kwa moja au kwa kupitia kampuni nyingine, na pia huhesabiwa mtu mwenye haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi, au mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni. Kampuni inatakiwa kuweka sajili ya watu hao, kuipeleka kwa Msajili kwa njia ya eCitizen, na panapotokea mabadiliko kupeleka marekebisho ndani ya siku 14. Kwa hiyo yule mdogo mwenye 18 hatakiwi katika fomu ya London lakini anatakiwa katika sajili ya Nairobi. Benki ikiomba nakala ya mlichowasilisha na ikaona watu watatu huku fomu yake ina wawili, itauliza. Dawa yake ni sentensi moja katika barua ya maelezo: kwamba mtu wa tatu ametajwa Kenya kwa sababu ya kiwango cha asilimia 10 na kwamba hisa zake hazizidi 25. Hatari kubwa zaidi ni sajili ya Kenya kutowasilishwa kabisa, kwani hapo benki ya nje huwa imegundua kwamba kampuni haijatimiza sheria ya kwao.

Sasa tuje kwa marehemu, maana kampuni za kale za pwani hazikosi jina la mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita. Hisa zake 200 ni mali ya mirathi. Tuchukulie kwamba alikuwa Mwislamu, hakuacha wosia wala deni, wazazi wake walimtangulia, na warithi ni mjane mmoja, wana wawili na binti mmoja. Mjane anapata thumni, na kinachobaki kinagawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Katika asilimia 20 za marehemu, mama anapata 2.5, kila mwana 7, na binti 3.5. Hesabu mpya ya kampuni nzima ni hii: mkurugenzi 39, dada 33.5, mdogo wao 25, na mama 2.5.

Tazama ile 25 ya mdogo. London inasema "zaidi ya 25", kwa hiyo bado yuko nje. Benki ya Dubai au ya Marekani ingemtaka, kwa kuwa huko kiwango ni 25 au zaidi. Hisa zile zile na watu wale wale huweza kutoa orodha mbili tofauti, na zote zikawa sahihi. Ndiyo maana haifai kuichukua fomu mliyoijazia benki moja mkaihamishia nyingine bila kusoma maelezo yaliyoandikwa juu ya jedwali la umiliki.

Lakini mgawo wa mirathi usiandikwe katika fomu kana kwamba umeshafanyika ikiwa daftari la kampuni halijabadilishwa. Linaloeleweka na benki ni maelezo ya hali ilivyo: hisa 200 zimesajiliwa kwa jina la marehemu, warithi ni hawa na mafungu yao ni haya, msimamizi wa mirathi ni fulani, na hati ya mahakama imeambatishwa. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba msimamizi huyo, akishasajiliwa kama mwenye hisa, anaweza kuzipigia kura zote 200 hata kama fungu lake mwenyewe ni dogo. Ikiwa msimamizi ni yule mdogo, basi kwa upande wa kura ana 20 za mirathi, na ukiongeza 18 zake anavuka kiwango cha London kabla ya mgawo kukamilika. Fomu nyingi zina safu mbili, ya umiliki na ya udhibiti. Jambo hili linaandikwa katika safu ya udhibiti.

Safu hiyo hiyo ndiyo mahali pa mjomba aliyetoa mtaji, asiye na hisa hata moja lakini mkataba wa mkopo unampa haki ya kumteua mkurugenzi. Kumficha ni kosa, na kwa maoni yangu ni kosa la kipuuzi, kwa kuwa mkataba huo utatakiwa pale benki itakapouliza mtaji ulitoka wapi. Kama hesabu zote hazimtoi mtu yeyote anayefikia kiwango, wala hakuna mwenye udhibiti wa namna nyingine, benki huandika jina la kiongozi wa juu wa kampuni. Mkurugenzi asiye na hisa asishtuke kujiona katika nafasi hiyo.

Yanabaki mambo ya karatasi, na mawili ndiyo hurudisha fomu nyingi. La kwanza ni majina. Mfumo wa benki hulinganisha kila jina na orodha za watu waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, Uingereza na Marekani, na majina kama Ahmed, Salim au Abdalla yapo tele katika orodha hizo, kwa hiyo jina la mtu asiye na hatia hugongana na la mwingine. Kinachowatenganisha ni tarehe kamili ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa na nambari ya pasipoti. Jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, na kama CR12 ina "Abdallah" na pasipoti ina "Abdalla", iambatishwe hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili inayosema ni mtu mmoja.

La pili ni anwani. Benki inataka mahali mtu anapolala, kwa hiyo sanduku la posta halikubaliwi, na wengi wetu tunanunua umeme kwa tokeni, hatuna bili ya kuonyesha. Taarifa ya akaunti ya benki ya hapa yenye jina la mtaa na nyumba hukubaliwa mara nyingi, ilimradi isiwe ya zamani. Miezi mitatu ndiyo mipaka ya kawaida. Muulizeni kwanza ofisa anayeshughulikia ombi lenu ni hati zipi anazozikubali badala ya bili, na jibu lake mliombe kwa barua pepe, kwa sababu anayeipitia fomu mwishoni huwa ni mtu wa idara nyingine.