Pini baa na mshumaa mmezaji: umbo lilelile, maana tofauti

Maswali mengi yanayofika kwenye dawati letu la elimu kwa wawekezaji huja na picha ya chati iliyochorewa duara jekundu. Ndani ya duara kuna mshumaa mmoja, yaani alama ya mwendo wa bei katika kipindi kimoja, wenye utambi mrefu kwa chini, na muulizaji anataka kujua kama hiyo ni pini baa ya kweli. Karibu kila mara picha imekatwa. Upande wa kushoto, bei ilikotokea, hauonekani, na jibu lilikuwa huko.

Tuanze na umbo lenyewe, kwa kuwa halichukui muda. Mwili wa mshumaa ni nafasi kati ya bei ya kufungua na ya kufunga, na utambi ni pale bei ilipofika nje ya mwili huo. Pini baa ina mwili mdogo uliosogea upande mmoja na utambi mrefu upande wa pili. Wengi hutaka utambi huo uwe angalau theluthi mbili ya urefu wote wa mshumaa. Mshumaa mmezaji ni wa pili kati ya miwili: rangi yake ni kinyume cha uliotangulia, na mwili wake unaufunika mwili wa mwenzake wote. Wanaoanza huyakariri maumbo haya kama vitu viwili visivyohusiana. Mara nyingi ni kitu kimoja, saa ndiyo imekikata kwa namna mbili.

Chukua mfano wa EUR/USD kwenye chati ya M30, ambapo kila mshumaa ni wa nusu saa. Mshumaa wa saa 10:00 unafunguka 1.0816, unapanda hadi 1.0817, unashuka hadi 1.0802 na kufunga 1.0804. Wa 10:30 unafunguka 1.0804, unazama hadi 1.0794, kisha unageuka, unafika 1.0820 na kufunga 1.0819. Mwili wa pili umeufunika wa kwanza, kwa hiyo hapo una mshumaa mmezaji wa kupanda. Sasa badilisha chati iwe H1, ya saa nzima. Mishumaa hiyo miwili inakuwa mmoja: umefunguka 1.0816, kilele 1.0820, chini kabisa 1.0794, umefunga 1.0819. Pipsi moja hapa ni 0.0001, kwa hiyo urefu wote ni pipsi 26, na utambi wa chini peke yake ni pipsi 22. Hiyo ni pini baa, na nzuri kweli. Lakini mwendo huohuo ungeanza nusu saa baadaye, 10:30 badala ya 10:00, H1 ingeukata katikati. Mshumaa wa kwanza ungefunga ukiwa umeshuka, wa pili ungebeba kupanda kwake pamoja na chochote kilichofuata, na pini baa isingekuwepo. Wanunuzi na wauzaji wangekuwa walewale, kwa bei zilezile.

Kwenye chati ya siku jambo hili huwachanganya hata wazoefu. Broka ambaye seva yake inafunga siku saa 11 jioni ya Nyu Yoki na yule anayefunga usiku wa manane wa GMT hawatakuonyesha mishumaa ileile ya D1. Huyo wa pili huongeza na kamshumaa kadogo ka Jumapili. Watu wawili wanaweza kubishana wiki nzima kuhusu pini baa ambayo mmoja wao hana kabisa kwenye skrini yake, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kama umbo linategemea saa, kuna nini cha kushika? Kuna lile lililotokea kwenye bei. Tuseme katika mfano wetu bei ilikuwa imeshuka siku tatu kutoka 1.0920, na 1.0800 ni sapoti iliyowahi kuizuia mara mbili. Walionunua hapo zamani waliweka amri zao za kukata hasara chini kidogo ya 1.0800. Wanaosubiri sapoti ivunjike wameweka amri za kuuza hapohapo. Bei ilipogusa 1.0794, amri hizo zote zilifyatuka kwa pamoja, na zote ni za kuuza. Kwa kawaida rundo kama hilo lingeisukuma bei chini zaidi. Haikushuka. Kuna aliyekuwa akinunua kila kilichouzwa, na ndani ya nusu saa bei ilikuwa imerudi juu ya 1.0800. Waliouza mwishoni wako hasarani tayari, na kutoka kwao ni kununua. Utambi ule ni alama ya mvutano huo.

Uhamishe mshumaa huohuo, pipsi kwa pipsi, hadi 1.0860, katikati ya eneo ambalo bei imekuwa ikipanda na kushuka bila kituo. Hapo hakuna rundo la amri lililosubiri wala muuzaji aliyenaswa. Utambi unasema tu kwamba bei ilishuka kidogo ikarudi, jambo inalolifanya siku nzima. Mimi binafsi pini baa za katikati siziangalii, hata ziwe za kupendeza namna gani.

Kuna na tambi ambazo hazitokani na mvutano wowote. Chati za MetaTrader kwa kawaida huchorwa kwa bei ya bid, ile unayouzia; unayonunulia ni ask, na tofauti yao ndiyo spredi. Baada ya saa 11 jioni ya Nyu Yoki, benki zinapofunga hesabu za siku, soko hukauka kwa muda na spredi hupanuka. Bid inashuka, ask inapanda, kisha zote zinarudi. Kwenye chati unaona utambi mrefu wa chini, na huenda hakuna aliyeuza chochote cha maana. Ukiuona utambi wa saa hizo, washa mstari wa ask ulinganishe kabla hujaamini.

Turudi kwenye mfano wetu, kwa sababu hata mahali pazuri hapatoshi. Ukinunua 1.0819 mshumaa unapofunga na kuweka kikomo cha hasara 1.0790, chini ya ncha ya utambi, unahatarisha pipsi 29. Angalia juu. Kama kushuka kwa siku tatu kuliacha eneo la wauzaji kwenye 1.0840, nafasi uliyonayo ni pipsi 21, na spredi bado hujaitoa. Umbo ni sahihi, mahali ni sahihi, na biashara haifai. Kama kizuizi cha kwanza kiko 1.0890, una pipsi 71, na hesabu inaanza kuwa na maana. Wapo wanaosubiri bei irudi hadi nusu ya mshumaa, karibu na 1.0807, ili hatari ishuke hadi pipsi 17. Ni njia halali, ila ina gharama yake: migeuko yenye nguvu mara nyingi hairudi, na ile dhaifu hurudi karibu kila mara, kwa hiyo unajikuta umeingia zaidi kwenye ile dhaifu.

Wanaofika darasani kwetu huwa tunawapa zoezi moja. Rudisha chati nyuma, kisha usogeze mbele mshumaa mmoja mmoja. Kabla ya kila mshumaa kufunga, andika ni bei gani ungetaka kuona soko likikataliwa, na kwa nini hapo. Halafu ndipo utazame umbo likitokea. Wengi hugundua kwamba maeneo waliyoandika ni machache sana, matatu au manne kwa wiki, na kwamba sehemu kubwa ya pini baa walizokuwa wakizichorea duara hazikuwa karibu na hata moja.

Na ile ya 1.0794? Inafutika M30 ikifunga chini ya ncha hiyo. Kuipita kwa pipsi mbili kisha kurudi hakutoshi kuifuta, ingawa kikomo chako cha hasara kikiwa karibu mno kitakuwa kimeshakutoa. Ikifunga chini yake, mnunuzi aliyekuwa akimeza amri amemaliza au ameondoka, na wote walionunua kwa sababu ya utambi ule sasa wanatafuta mlango wa kutokea kwa kuuza.