Kumwita mpita njia "mrembo" si kumsifu

"Namwambia tu 'mrembo, umependeza.' Kumsifu mtu kuna ubaya gani?"

Neno si baya. Ubaya ni deni linalokuja nalo. Tazama kijiwe cha bodaboda sokoni Mtwara. Dada anapita na kapu la samaki. "Mtoto mzuri!" Kimya. "Si nakusalimia?" Kimya tena. "Unaringa nini, sura yenyewe hiyo!" Hatua kumi tu, sifa imekuwa tusi. Kesho atalisikia tusi hilo tangu neno la kwanza.

Mwitaliano humrushia mpita njia "ciao bella", Mhispania "guapa", yaani mrembo: kote ni mwito unaomdai jibu mtu aliye njiani, mbele ya kundi. Ukitaka kusalimia, "habari za asubuhi, dada" inatosha. Asipojibu, nyamaza.